Ruta Yako Inamjibu Nani? Hotuba kwa mafundi wa mitandao na wauza vocha za waifai

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi dada na kaka mnaouza vocha za waifai mliofunga biashara mapema ili mfike hapa: wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Ratiba imeandika kwamba nitazungumzia usalama wa ruta. Hilo ni pori, nikiingia nalo tutatoka usiku. Nitashika jambo moja tu: uwezo wa kufungua mipangilio ya ruta ukiwa nje, kupitia intaneti. Kwenye ruta nyingi za nyumbani limeandikwa Remote Management. Kwenye MikroTik, ambayo najua wengi wenu ndiyo mnayouzia vocha, hakuna swichi yenye jina hilo, na ndiyo maana nitakaa na MikroTik kuliko nyingine.

Sitauliza nani ameiacha wazi, maana najua sababu zake. Fundi anaishi mjini, minara yake iko vijijini, na mteja akipiga simu saa tatu usiku hakuna nauli ya kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Au umenunua mfumo wa malipo, ule unaopokea pesa ya simu na kumfungulia mteja intaneti, na aliyekuuzia amekwambia, "Fungua poti 8728 tuiunganishe." Ukafungua. Kazi ikaenda, wateja wakalipa, na hakuna aliyerudi tena kuangalia kile kilichofunguliwa.

Ukimuuliza fundi kama haogopi, jibu ni lile lile: neno langu la siri ni gumu. Basi nianzie hapo.

MikroTik ni kampuni ya Latvia, na programu inayoendesha ruta zake inaitwa RouterOS. Fundi huingia kwa kutumia Winbox, ambayo huzungumza na ruta kupitia poti 8291. Tarehe 23 Aprili 2018 kampuni ilitoa marekebisho ya kasoro iliyokuwa kwenye sehemu hiyo ya Winbox. Matoleo yote kuanzia 6.29 hadi 6.42 yalikuwa nayo. Kasoro yenyewe ilikuwa hivi: mtu yeyote aliyeweza kufika kwenye poti 8291 angeweza kuiomba ruta impe faili, na ruta ikampa kabla haijamuuliza yeye ni nani. Faili moja kati ya hizo lilikuwa lile lenye orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri, tena yakiwa yamehifadhiwa kwa namna inayoweza kufumbuliwa.

Tulieni kidogo kwenye hilo. Mshambuliaji hakukisia neno la siri. Hakujaribu mara elfu. Aliliomba, akapewa, kisha akaingia kupitia mlango wa kawaida kama mwenye ruta. Neno lenye herufi ishirini na alama za ajabu lilikuwa sawa na neno 1234, kwa sababu yote mawili yalisomwa kutoka faili lile lile. Kwa wale ambao hawakuwa wamesasisha, kilichowatofautisha walioumia na waliosalimika kilikuwa kimoja: je, poti 8291 ilikuwa inajibu watu wa nje? Aliyekuwa ameifunga alibaki na kasoro ile ile ndani ya ruta yake, lakini hakuna mgeni kutoka intaneti aliyeweza kuifikia.

Ndiyo maana nasema kuacha usimamizi wa mbali wazi ni hatari hata kwa fundi makini. Programu yoyote ina makosa ambayo bado hayajagunduliwa. Ukiiweka sehemu ya kuingilia mbele ya intaneti nzima, kosa litakapogunduliwa litakuwa la dunia nzima siku hiyo hiyo, na wewe utapata habari baada ya wiki.

Marekebisho yalikuwepo tangu Aprili. Wimbi kubwa lilikuja Julai na Agosti, likianzia Brazili. Ruta kwa makumi ya maelfu, baadaye zaidi ya laki mbili duniani, ziliwekewa msimbo wa Coinhive, ambao ulikuwa unafanya kompyuta na simu ya anayefungua ukurasa ichimbe sarafu ya kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Mteja wako anaona simu inachemka na chaji inaisha, anakulaumu wewe kwamba waifai yako mbovu. Mwezi Septemba watafiti wa kampuni ya Qihoo 360 ya China wakatangaza kwamba wameona ruta zaidi ya 7,500 zinazonakili mawasiliano ya wateja na kuyapeleka kwa mtu wa nje, zikiwemo poti za barua pepe na za kuhamishia mafaili. Hapo mwenye ruta haoni chochote. Intaneti inakwenda, vocha zinauzika.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachosahaulika. Mwaka 2021 lilijitokeza jeshi la ruta lililopewa jina la Mēris, na mwezi Septemba likaipiga kampuni ya Yandex ya Urusi kwa maombi karibu milioni 22 kwa sekunde. MikroTik walipochunguza walisema ni ruta zile zile zilizoingiliwa mwaka 2018. Wenyewe walisasisha programu wakadhani wamemaliza. Lakini neno la siri lilikuwa limeshasomwa miaka mitatu nyuma na halikubadilishwa, na mlango ulikuwa bado wazi. Toleo jipya halimfukuzi mtu mwenye ufunguo halali.

Hiyo inatosha kwa historia. Tuingie kwenye ruta.

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba ruta yao inajibu nje, kwa sababu hawakumbuki kuifungua. Na kweli hawakuifungua. MikroTik ndogo za ofisini na nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na kanuni za kinga, zile zilizo kwenye menyu ya Firewall. Unapoiwasha mara ya kwanza, dirisha linatokea likiwa na kitufe cha kuondoa mipangilio ya kiwandani, na mafundi wengi tumefundishana kukibonyeza ili tuanze upya. Ukikibonyeza, kinga yote inaondoka. Kinachobaki ni ruta tupu yenye huduma zote zinazowashwa kiwandani, inayojibu kila upande. Wewe unapanga anwani, unapanga vocha, unajaribu, inafanya kazi, unaondoka.

Njia ya pili ni ya hila zaidi. Katika matoleo ya zamani, kanuni ya kiwandani ilikuwa inazuia kinachoingia kupitia ether1, yaani waya wa mtoa huduma. Fundi anaweka PPPoE juu ya ether1, kwa hiyo mawasiliano ya intaneti yanaingia kupitia pppoe-out1, ambayo kwa ruta ni mlango mwingine. Kanuni ipo, ukiitazama unaiona, lakini inalinda mlango ambao hakuna anayepita. Kama umerithi ruta ya zamani kutoka kwa fundi mwingine, hili ndilo la kwanza kuangalia.

Fungua terminal ndani ya Winbox, uandike hivi:

```
/ip service print
/ip firewall filter print
/interface list member print
```

Amri ya kwanza inakuonyesha huduma: telnet, ftp, www, ssh, api, winbox na api-ssl. Isiyo na alama ya X pembeni inafanya kazi. Usishtuke kuona winbox iko hai, ndiyo unayoitumia sasa hivi. Shtuka ukiona telnet na ftp ziko hai, maana sijui nani hapa anazihitaji mwaka huu.

Amri ya pili ndiyo yenye uzito. Tafuta kanuni zenye chain=input, maana hizo ndizo zinazohusu mawasiliano yanayoiendea ruta yenyewe. Zenye forward zinahusu yanayopita ndani yake kwenda kwa wateja, hazikulindi hapa. Ukikuta orodha tupu, jibu umeshalipata. Ukikuta kanuni, zisome kutoka juu kwenda chini kama ruta inavyozisoma: ya kwanza inayolingana ndiyo inayotekelezwa, na zilizo chini haziulizwi. Nimeona zaidi ya mara moja kanuni nzuri ya kuzuia imewekwa chini ya kanuni inayoruhusu kila kitu, ambayo mtu aliiweka siku moja akitafuta tatizo, akasahau kuiondoa.

Kinga ya chini kabisa inayotosha ni hii:

```
/ip firewall filter
add chain=input connection-state=established,related action=accept
add chain=input in-interface-list=!LAN action=drop
```

Kanuni ya pili inasema: chochote kisichotoka kwenye orodha ya LAN, yaani milango ya ndani, kitupe. Haitaji ether1 wala pppoe-out1, kwa hiyo ukibadilisha mtoa huduma kesho haitakuacha uchi. Lakini kabla hujaiandika, hakikisha orodha ya LAN ipo, na daraja unaloingilia wewe limo ndani yake. Amri ya tatu ya mwanzo ilikuwa kwa ajili ya hilo. Usipohakikisha utajifungia nje, na kama uko mbali na mnara, nauli itakuhusu. Bonyeza Ctrl+X kwanza, uingie Safe Mode. Hapo ukikatika, ruta inarudisha yenyewe ulichobadilisha. Ukiridhika, bonyeza tena Ctrl+X ili mabadiliko yabaki. Na kama mtoa huduma wako anakupa IPv6, jua kwamba kinga yake iko kwenye menyu yake pekee, /ipv6 firewall filter, na kanuni hizi mbili haziigusi.

Baada ya hapo zima usichotumia, na uwekee mpaka unachotumia, ukiandika anwani za mtandao wako mahali pa 192.168.88.0/24:

```
/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl
/ip service set winbox address=192.168.88.0/24
```

Mwenye mfumo wa malipo unaotumia api, ile ya poti 8728, asiizime. Aruhusu anwani ya seva ya mfumo huo peke yake, kwenye kinga na kwenye huduma. Aliyekuuzia mfumo akikwambia hawezi kukupa anwani maalumu, au kukuunganisha kwa VPN, basi anakuomba uuache mlango wazi kwa dunia nzima ili yeye asisumbuke. Nasema wazi, huyo tafuta mwingine.

Angalizo dogo: ule mpaka wa address kwenye huduma hautoshi ukiwa peke yake. Poti inaendelea kuitika, ila ruta inakataa kumhudumia asiyeruhusiwa. Kazi ya kufunga ni ya kinga. Huo mpaka ni wa kuongezea.

Sasa, umeangalia menyu, umeona kila kitu kiko sawa. Bado hujajua. Menyu inakuambia ulichokusudia. Kinachotokea kweli utakijua ukiwa nje, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya, kwa kuwa wanajaribu wakiwa kwenye waifai ile ile. Unaandika anwani ya nje ya ruta kwenye simu, ukurasa unafunguka, unapata presha bure. Ombi lako halikutoka nje hata kidogo. Limetoka LAN, ruta ikajua anwani ile ni yake, ikakujibu kama mtu wa ndani. Ushahidi huo haufai kwa upande wowote.

Fanya hivi. Kwenye ruta andika /ip address print, soma anwani iliyo kwenye mlango wa mtoa huduma. Kisha chukua kompyuta, izime waifai ya dukani, iunganishe na simu yako inayotumia bando la laini. Tuseme anwani ya ruta ni 203.0.113.25, ambayo ni anwani iliyotengwa kwa mifano tu. Kwa nmap, programu ya kupekua poti, utaandika:

```
nmap -Pn -p 21,22,23,80,443,8291,8728,8729 203.0.113.25
```

Majibu yatakuja matatu. Neno open maana yake huduma inaitika: mtu yeyote duniani anaweza kugonga hapo. Neno closed maana yake umeifikia ruta, lakini kwenye poti hiyo hakuna huduma. Neno filtered maana yake ombi limetupwa kimya kimya, na ndilo unalotaka kuliona kwenye mstari wa 8291. Ukiweka kanuni zile mbili na bado unaona open, rudi kwenye mpangilio wa kanuni, kuna iliyotangulia inayoruhusu.

Jipime mwenyewe, au mteja aliyekuruhusu. Kupekua ruta ya jirani kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania, na ndugu zetu Wakenya waliokuja leo wana sheria yao ya mwaka 2018.

Kuna watakaosoma anwani kwenye mlango wa mtoa huduma wakakuta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127. Hiyo si anwani ya intaneti. Mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo la kawaida sana kwenye mitandao ya simu. Ukipima ukiwa nje, hutaifikia ruta yako kabisa. Wengine wakifika hapo hufurahi na kusema tuko salama. Usalama huo ni nusu. Mteja mwingine wa mtoa huduma huyo huyo yuko nyuma ya ukuta ule ule, na kama mtoa huduma hakuwatenganisha wateja wake, anaweza kuigonga ruta yako kutoka upande wa ndani. Kompyuta moja iliyoambukizwa kwenye mtandao huo inatosha. Tena siku ukilipia anwani halisi ili uweke kamera, kinga ambayo hukuwahi kuiandika itakosekana siku hiyo hiyo. Ziweke zile kanuni mbili hata hivyo.

Wauza vocha, hili linawahusu ninyi peke yenu. Neno "nje" kwenu lina maana pana zaidi. Aliyenunua vocha ya shilingi 500 yuko ndani ya LAN yako. Kanuni ya kuzuia watu wa intaneti haimgusi. Akipakua Winbox akiwa kwenye benchi lako, ruta itamwonyesha ukurasa wa kuingia. Kwa hiyo tenga mtandao mdogo wa fundi, kwenye waya wake au kwenye VLAN yake, uruhusu usimamizi kutoka huko tu, na uweke kanuni ya kuzuia daraja la wateja lisifike poti 8291 na 22. Na usisahau kwamba Winbox inaweza kuingia kwa anwani ya MAC bila IP, ambako kanuni za IP hazifiki. Hiyo unaifungia kwenye /tool mac-server mac-winbox, ukiiachia orodha ya milango ya fundi peke yake.

Najua swali linalokuja: sasa usiku nitaingiaje? Kwa VPN. RouterOS 7 ina WireGuard ndani yake. Unafungua poti moja ya UDP, na asiye na ufunguo sahihi hajibiwi kitu, hata kujua kwamba kuna huduma hapo ni vigumu. Iruhusu poti hiyo juu ya kanuni ya kuzuia, uingize mlango wa VPN kwenye orodha ya LAN na anwani zake kwenye mpaka wa winbox. Ukishaingia kwenye VPN unafungua Winbox kama vile umekaa dukani. Kama ruta yako iko nyuma ya anwani ya pamoja, ifanye yenyewe ipige kwenda kwenye seva yako ndogo ya mtandaoni, nawe upige huko huko mkutane. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa ruta za nyumbani za wateja wenu sitakaa sana. Kwenye TP-Link za zamani kuna mtego wa kusoma: sehemu ya Remote Management haina swichi, ina kisanduku cha anwani. Ikiwa imeandikwa 0.0.0.0, imezimwa. Ikiwa 255.255.255.255, imefunguliwa kwa kila mtu. Nimekuta mafundi wakiamini kinyume chake. Kwenye vifaa vya faiba vya Huawei vya aina ya HG8245, tafuta menyu ya usalama, sehemu ya kudhibiti wanaoingia kwenye kifaa, uondoe tiki kwenye mistari inayotaja upande wa WAN. Na kama kifaa ni cha mtoa huduma na menyu hizo zimefichwa, mpime kutoka nje kwa nmap ukiongeza poti 7547, ambayo watoa huduma huitumia kusimamia vifaa vyao. Novemba 2016 wateja wapatao laki tisa wa Deutsche Telekom, Ujerumani, walikatikiwa huduma baada ya washambuliaji kugonga poti hiyo. Ukiikuta wazi huwezi kuifunga wewe, mpigie mtoa huduma aiwekee mpaka ili ijibu seva zake tu.

Namalizia na wale watakaopima kesho wakakuta 8291 ilikuwa wazi miezi yote hii. Kufunga peke yake hakutoshi, mkumbuke wale wa 2021. Angalieni kama kuna mtu aliyewahi kuingia:

```
/user print
/system scheduler print
/system script print
/ip socks print
/ip dns print
```

Mtumiaji usiyemjua, kazi ya ratiba inayopakua faili kutoka anwani ngeni, socks iliyowashwa ambayo hukuiwasha, DNS usiyoitambua: kimoja tu kati ya hivi kinatosha kukuhukumia ruta. Usijaribu kuisafisha kwa mkono. Ifute na kuipakia upya kwa Netinstall, weka toleo la sasa, andika mipangilio upya kutoka kwenye daftari lako. Nakala ya akiba usiirudishe, kwa sababu huenda ulichokifuta kimo humo humo. Kisha badilisha neno la siri la ruta, na lolote linalofanana nalo kwenye ruta nyingine, na lile la PPPoE, na la mfumo wa malipo.

Netinstall inasumbua mara ya kwanza, hasa ile sehemu ya kushikilia kitufe cha reset mpaka kompyuta iione ruta. Nimekuja na kompyuta na waya. Mwenye ruta anayoishuku aje nayo pale meza ya nyuma, tutaanza na waliotoka mbali.